Waya kati ya pipa na debe: kumimina thina huku Lamu

Kuna maneno nimeyasikia kwa mafundi wengi hapa Lamu, na yanasemwa kwa uhakika kabisa, ati umeme tuli ni shida ya bara, kule kwenye baridi kavu ambako mtu akivua sweta nywele zinasimama, sisi huku bahari iko mlangoni, kuta zinatoka jasho, chuma kinashika kutu kikiwa bado kwenye boksi, huo umeme utakaa wapi. Mimi pia sikuwa na la kujibu mpaka nilipofanya kazi na mzee mmoja aliyekuwa zamani kwenye matangi ya mafuta Mombasa. Yeye ndiye aliyenifungua macho, na nikawa nauliza uliza na kupima mwenyewe, kwa hivyo haya nayoandika ni ya kumimina thina na asetoni kwenye karakana ya boti za faiba, si ya kiwanda kikubwa.

Kwanza hayo maneno ya unyevu yana ukweli nusu, na hiyo nusu ndo inadanganya watu. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi nyembamba ya maji inakaa juu ya vitu, nguo, plastiki, mbao, na chaji inatambaa polepole inaondoka, ndo maana huku hatupigwi shoti tukigusa komeo la mlango. Lakini thina ikitoka kwenye pipa kupitia bomba, chaji inazaliwa ndani ya thina yenyewe, pale inaposuguana na ukuta wa bomba na pale inaporuka matone na kumwagika kwenye debe. Hewa ya nje haiingii kwenye hilo jambo. Thina inaingia ndani ya debe na chaji yake, unyevu wa masika umekaa nje unaangalia tu.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wa karakana nyingine, sitaitaja. Ilikuwa masika, mvua imenyesha asubuhi, stima imepotea mtaa mzima. Pipa la lita 200 limelazwa juu ya kitanda cha boriti za mikoko, bomba limefungwa mdomoni, na chini kuna debe la rangi la lita 20, la chuma, limewekwa juu ya kreti ya soda ili lifikie bomba. Hakuna aliyevuta sigara, hakuna jiko, hakuna waya wa stima wenye moto. Debe linakaribia kujaa, kijana akaushika ule mkono wa debe wenye kishikio cha plastiki akalivuta kidogo kulisogeza, likasikika "ta!" dogo kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti, halafu mwali wa buluu ukasimama kwenye mdomo wa debe. Alichofanya vizuri ni kuruka nyuma badala ya kulibeba debe kukimbia nalo, maana wanaoungua vibaya mara nyingi ni wale wanaolibeba. Mwenzake akafunga bomba, wakamwaga poda ya mtungi wa kuzimia moto na mchanga, nyusi za kijana zikaenda lakini macho yako salama alhamdulillahi. Watu wakasema ni shetani wa karakana. Mzee wangu alipoambiwa aliuliza swali moja tu, debe lilikuwa juu ya nini?

Sababu ya hilo swali ni hii. Kreti ya plastiki haipitishi umeme. Pipa nalo liko juu ya mbao, mbao kavu zenye rangi na mafuta ya miaka. Kwa hivyo una vyombo viwili vya chuma vinavyoelea, havijagusana wala havijagusa ardhi. Thina ikitoka inaondoka na chaji ya aina moja inaingia nayo kwenye debe, na pipa linabaki na chaji ya aina ya pili. Kila sekunde tofauti baina yao inapanda. Mkondo wenyewe ni mdogo mno, huwezi kuuhisi kwa mkono. Lakini debe la lita 20 ni chombo kidogo, halina nafasi ya kuweka chaji nyingi, uwezo wake ni kama pikofaradi 20 hivi, kwa hivyo volti zinaruka juu haraka. Chukua mfano wa mkondo wa nanoampea 10, yani sehemu moja ya milioni mia moja ya ampea, uingie kwenye debe hilo sekunde 20 bila kuvuja popote, hesabu inakupa volti elfu 10. Sasa nguvu iliyofichwa hapo ni milijuli 1 tu, ukiisikia unacheka. Lakini mvuke wa toluini, ambayo ni sehemu kubwa ya thina nyingi tunazonunua, ukichanganyika na hewa vizuri unataka kama milijuli 0.24 kuwaka. Yani debe hilo limebeba mara nne ya kinachohitajika, na halijajaa hata.

Volti hizo zinangoja chuma kingine kiwe karibu. Kijana aliposogeza debe, ukingo wake ukakaribia bomba, cheche ikaruka katikati, na katikati hapo ndipo mvuke ulipo.

Nisimame kidogo kwenye huo mvuke kwa sababu joto letu linachangia sana na hili halisemwi. Watu wanadhani petroli ndo hatari zaidi na thina ni ndugu yake mpole. Petroli ndani ya mtungi, kwa joto letu, mvuke wake ni mwingi mno kupita kiasi, hewa haitoshi kuwaka mle ndani, inawaka pale mdomoni inapokutana na hewa. Asetoni hivyo hivyo. Toluini inawaka mvuke wake ukiwa kati ya asilimia 1.1 na kama 7 ya hewa. Na kwa nyuzi 30, joto la kawaida la karakana yetu mchana, toluini iliyotulia kwenye chombo kilichofungwa inatoa mvuke wa karibu asilimia 5. Iko katikati kabisa ya eneo la kuwaka! Yani siyo mdomoni tu, ndani ya debe lote, na ndani ya pipa lenyewe pale juu penye hewa. Mtu wa nchi baridi anayetumia toluini ileile wakati wa baridi kali yuko pembeni pembeni mwa eneo hilo, sisi tuko ndani yake mwaka mzima. Ndo maana cheche moja ndani ya debe la thina huku kwetu haitoi mwali tu, inaweza kurusha kifuniko.

Sasa dawa yake. Ni waya wa kuunganisha pipa na debe, na waya mwingine kutoka pipa kwenda ardhini. Viko viwili na kila kimoja kina kazi yake, watu wanavichanganya. Waya wa kuunganisha unafanya pipa na debe viwe kitu kimoja kwa umeme, chaji iliyoondoka inarudi kupitia waya, tofauti haipandi, cheche baina yao haina pa kutokea. Lakini hivyo viwili pamoja bado vinaweza kuwa na chaji ukilinganisha na wewe uliyesimama na ndara za mpira, au na bomba la maji la ukutani, ndo unaweka waya wa ardhini. Ukilazimika kuchagua kimoja siku ya kwanza, anza na wa kuunganisha, cheche mbaya zaidi ndipo inapotokea. Lakini usikae na kimoja.

Mzee alipokuja kutusaidia hapa kwetu tayari kulikuwa na waya. Mwenye karakana alinunua waya mweusi mzuri na klipu za betri, moja kwenye pipa moja kwenye debe, kila mtu anaringa. Mzee akachukua mita, akaiweka kwenye ohm, pipa limefungwa na debe tupu limefunikwa mlango uko wazi (usipime wakati mvuke umetapakaa, mita nayo ina betri), akagusisha ncha moja kwenye chuma cha pipa alichokikwangua na nyingine kwenye chuma cha debe alichokikwangua. Kioo kikaandika OL. Yani hakuna njia kabisa. Waya upo, klipu zipo, na umeme haupiti, kwa sababu klipu zilikuwa zimeuma rangi. Pipa lina rangi ya buluu nene, debe lina rangi ya kiwandani, meno ya klipu yamelala juu ya rangi kama mtu amevaa glavu.

Tukachukua msasa tukakwangua ukingo wa pipa, sehemu ya upana wa kidole mpaka chuma cheupe kikaonekana, na ukingo wa debe vilevile. Tukarudisha klipu. Mita ikasoma juu juu, inaruka ruka, 3, 40, 7. Mzee akaushika ule waya mweusi akaukunja kunja karibu na klipu, namba ikapotea ikarudi. Ndani ya ile plastiki nyuzi zilikuwa zimekatika karibu zote, nje huoni kitu. Ndo akatuambia tutafute waya wa shaba uliosukwa usiokuwa na ganda, ukikatika uzi unauona kwa macho. Na klipu tukabadilisha, tukapata klampu nzito zenye springi ngumu na ncha kali za kutoboa rangi. Baada ya hapo mita ikasoma 0.5, na ukigusisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe zinasoma 0.3, kwa hivyo njia yetu ni kama 0.2 ohm. Kipimo tunachotumia mpaka leo, kati ya chuma na chuma isizidi ohm 10. Si kwamba statiki inahitaji ohm chache hivyo, hata megaohm 1 ingetosha kuuondoa, maana mikroampea 1 kupitia megaohm 1 inaacha volti 1 tu. Lakini njia ya chuma kitupu lazima isome chini, ikisoma 200 au 5000 ujue kuna kutu au rangi au uzi mmoja umebaki, na kesho haitakuwepo.

Halafu akapima kitu ambacho hakuna kati yetu angekifikiria, bomba lenyewe. Bomba la shaba limekazwa kwenye tundu la pipa kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Mara nyingi nyuzi za chuma zinaikata tepu na kugusana, lakini aliyefunga letu alizungusha tepu bila huruma, na mita kati ya bomba na pipa ikasoma OL. Yani pipa lina waya, debe lina waya, na bomba ambalo thina inapita ndani yake, lililo juu kabisa ya mdomo wa debe, linaelea peke yake! Tulilifungua tukapunguza tepu, na juu yake tukaongeza kipande kifupi cha waya kutoka bomba hadi pipa.

Kile kipande kidogo cha chuma kilichosahaulika ndicho kilichounguza watu walio na vifaa kutuzidi. Tarehe 29 Oktoba 2007, kule Des Moines, Iowa, Marekani, kwenye ghala la Barton Solvents, mfanyakazi alikuwa anajaza tangi dogo la chuma kwa ethili aseteti, kiyeyusho kinachowaka kama thina. Aliweka mdomo wa kujazia kwenye tundu la juu, akaning'iniza uzito wa chuma ili usichomoke, akafungua valvu akaenda upande mwingine wa chumba. Akasikia mlio, kugeuka tangi liko kwenye moto na ule mdomo uko sakafuni unamwaga. Bodi ya kule ya kuchunguza ajali za kemikali ilipofuatilia ikaona sehemu za chuma za ule mdomo na ule uzito havikuwa vimeunganishwa wala kupelekwa ardhini. Mzee hii ndo alikuwa akiirudia, kila chuma kinachogusa au kukaribia thina kihesabu, faneli, kikombe, fimbo ya kupimia, hata mkono wa debe.

Ardhini nako kuna visa. Fundi mmoja alitaka tufunge waya kwenye bomba la maji la ukutani, chuma kizuri kinang'aa, lakini ukilifuata nje ya ukuta linageuka plastiki. Halina ardhi. Tukapigilia rodi ya shaba ya kama mita 1.2 nyuma ya karakana, upande wa bahari, mchanga wa juu mkavu lakini ukienda chini unakuta unyevu wa chumvi, hapo panapitisha vizuri. Chumvi hiyohiyo ndo adui, kila baada ya muda pale klampu inaposhika rodi panaota ukoko wa kijani, unaukwangua unakaza upya. Sisi tunaangalia kila tunapobadilisha pipa, mwenye kazi nyingi aangalie mapema zaidi. Na usijidanganye kwamba mita ya kawaida itakupimia ardhi yenyewe, inapima waya tu mpaka kwenye rodi, ardhi ina kifaa chake, mwite fundi wa stima.

Mpangilio wa kufunga una maana sana kuliko watu wanavyodhani. Unafunga klampu kila kitu kikiwa bado kimefunikwa. Kama pipa lina chaji tayari, labda limevingirishwa kutoka jeti sasa hivi, cheche itatoka pale unapogusisha klampu ya kwanza, na wewe unataka itoke mahali hakuna mvuke. Kwa hivyo pipa kwanza na rodi, halafu debe na pipa, halafu mkono wako mtupu unagusa chuma cha pipa ili na wewe ujitoe chaji, ndo unafungua vifuniko. Kumaliza ni kinyume, funga bomba, funika debe, funika pipa, ndipo klampu zitoke. Kijana anayechomoa klampu debe likiwa wazi ili aharakishe, huyo mimi namwambia aende akapige msasa.

Kuna jambo moja waya haulitatui. Toluini haipitishi umeme karibu kabisa, kwa hivyo hata debe likiwa na ardhi nzuri, chaji iliyo katikati ya thina inachukua muda kutembea mpaka ukutani. Kwa toluini safi ni kama sekunde 20 mpaka ipungue kufika theluthi moja hivi, halafu nyingine 20 ipungue tena vilevile. Asetoni siyo hivyo, yenyewe inapitisha, chaji inafika ukutani papo hapo, ambayo ni nzuri ukiwa na waya na ni mbaya ukiwa huna kwa sababu yote inakusanyika kwenye chuma cha debe tayari kuruka. Kwa thina sisi tunamimina taratibu, na tumeweka mrija wa chuma kwenye bomba unaofika karibu na sakafu ya debe, thina inapanda kutoka chini badala ya kuanguka na kurusha matone. Mrija nao tumeupima kwa mita. Tukimaliza hatutumbukizi kikombe wala fimbo ya chuma papo hapo, tunaacha kama dakika mbili, na hizo ni dakika za kufunga pipa na kufuta mikono, hazipotei.

Sasa shida iliyobaki ni mitungi ya plastiki, ile ya manjano ya mafuta ya kupikia, na hapa Lamu kila kitu kinabebwa kwayo. Plastiki huwezi kuiwekea klampu ikasaidia, waya unagusa doa moja na chaji iliyobaki pale pembeni haisogei. Mbaya zaidi ni mtu kuweka faneli ya chuma kwenye mdomo wa mtungi wa plastiki, maana amejitengenezea lile debe juu ya kreti, chuma kinachoelea, kidogo, na kiko mdomoni kwenye mvuke. Faneli ya chuma kwenye plastiki lazima iwe na waya wake kwenda kwenye pipa, au isiwepo. Mteja akija na mtungi wa lita 20 anataka thina tunamwambia tunampa debe la chuma kwa amana, akirudisha debe anarudishiwa pesa yake. Wengine wanakasirika, wanasema jirani anawajazia tu. Waende kwa jirani.